Asilimia 47 Haiwezekani: Kusoma Karatasi za Stoku kwenye Picha ya Simu

Duka la vyakula la mtaani halipati faida ghafi ya asilimia 47. Halipati Kariakoo, halipati Mwanjelwa, wala halipati kijijini ambako duka ni moja na mwenyewe anajipangia bei. Lakini ndiyo namba iliyotoka kwenye hesabu ya kwanza ya mwezi Machi ya duka tutakalolitazama hapa. Duka lenyewe ni la mfano, ila mikasa yake yote ni ya kila siku kwa yeyote anayefanya hesabu za maduka kwa kutumia picha za simu. Kikokotoo hakikukosea hata mara moja. Kilichokosewa ni kusoma karatasi.

Utaratibu wa duka hili unafanana na wa maduka mengi. Siku ya mwisho ya mwezi, jioni baada ya kufunga, kijana wa dukani anahesabu mzigo wote na kuuandika kwenye karatasi: jina la bidhaa, idadi, bei ya kununulia, thamani. Mwenye duka, mama mtu mzima, anazipiga picha karatasi hizo na kumtumia kwa WhatsApp binti anayemfanyia hesabu pamoja na maduka mengine kadhaa. Kwa Machi binti alikuwa na picha tano. Mbili ni za stoku iliyohesabiwa tarehe 28 Februari, ambayo kwa Machi ndiyo stoku ya mwanzo. Mbili ni za tarehe 31 Machi, yaani stoku ya mwisho. Ya tano ni ukurasa wa daftari la manunuzi. Mauzo ya mwezi, shilingi 9,600,000, aliyapata kwenye daftari la mauzo.

Kanuni anayoitumia hata mtoto wa shule anaielewa. Chukua ulichoanza nacho, ongeza ulichonunua, toa kilichobaki. Jibu ni gharama ya bidhaa zilizouzwa. Toa gharama hiyo kwenye mauzo unapata faida ghafi, na ukiigawanya kwa mauzo unapata asilimia yake. Inaitwa ghafi kwa sababu bado hujalipa pango, umeme, mshahara wa kijana wala kodi.

Kwa jinsi alivyosoma picha mara ya kwanza, stoku ya mwanzo ilikuwa shilingi 4,860,000, manunuzi 6,420,000 na stoku ya mwisho 6,233,200. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ikaja 5,046,800. Ukiitoa kwenye mauzo, faida ghafi ni 4,553,200, ambayo ni asilimia 47.4 ya mauzo. Asiyelijua duka angefurahi. Binti alijua kuna kitu.

Alijuaje? Faida ghafi ya duka zima ni wastani wa faida za bidhaa zake, na wastani hauwezi kuzidi kilicho kikubwa kuliko vyote. Duka hili linanunua mchele kwa shilingi 2,200 kilo na kuuza 2,600. Sukari inanunuliwa 2,600 na kuuzwa 2,900. Unga wa sembe, ambao ndio wenye faida nzuri kuliko vingine, unanunuliwa 1,300 na kuuzwa 1,600. Katika kila shilingi 1,600 ya unga, 300 ni faida, yaani asilimia 18.75. Mchele unatoa asilimia 15.4 na sukari 10.3 tu. Kama bidhaa inayolipa kuliko zote haifiki 19, duka zima litapataje 47? Kabla ya kupekua karatasi hata moja, kipimo hiki kinakwambia kama kuna haja ya kupekua.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Mwenye duka akiulizwa faida ya mchele husema ni asilimia 18, kwa kuwa ameweka shilingi 400 juu ya 2,200. Hajakosea, ila hilo ni ongezeko juu ya bei ya kununulia. Faida ghafi tunayoizungumzia hupimwa kwa bei ya kuuzia, 400 kwa 2,600, na ni 15.4. Ukilinganisha 18 ya mdomoni na 15 ya kwenye hesabu utadhani umeibiwa, kumbe umepima kwa vipimo viwili tofauti.

Binti akarudi kwenye picha. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuzidisha upya kila mstari. Karatasi ya stoku ina hazina moja ambayo wengi hawaitumii: kila thamani imeandikwa mara mbili. Imeandikwa waziwazi kwenye safu ya mwisho, na imejificha ndani ya idadi na bei. Vikipingana, kuna kilichosomwa vibaya au kuandikwa vibaya. Kwenye mstari wa mchele alikuwa amenakili kilo 110. Kilo 110 kwa 2,200 ni shilingi 242,000, lakini kwenye safu ya thamani yalisomeka vizuri kabisa maandishi 374,000. Ukigawanya 374,000 kwa 2,200 unapata 170 kamili. Akaikuza picha na kuona kwamba ile moja ya pili ilikuwa saba, kichwa chake kimemezwa na kivuli cha mkono wa mpiga picha.

Moja na saba ndio wagomvi wakubwa kwenye karatasi za mkono. Wanafuatiwa na sifuri na sita, halafu tatu na nane, hasa kalamu ikiwa inaishiwa wino. Nukta na mkato navyo vina balaa lake, maana 2,5 ya mtu mmoja ni mbili na nusu, ya mwingine ni ishirini na tano iliyodondokewa na tone. Kuzidisha upya kunayakamata karibu yote haya, mradi aliyeandika karatasi naye alizidisha sawasawa. Ndiyo maana jumla ya chini ya ukurasa nayo hujumlishwa upya, isiaminiwe kwa kuwa tu imepigiwa mistari miwili.

Sasa tazama kilichotokea. Kusahihisha mchele kuliongeza stoku ya mwisho kwa shilingi 132,000, gharama ikashuka, na faida ikapanda hadi 4,685,200, asilimia 48.8. Yaani hesabu ilizidi kuwa ya ajabu. Mtu mwenye haraka angeacha 110 ibaki, kwa kuwa 170 inamsukuma mbali na jibu analolitarajia. Ukianza kuchagua makosa ya kusahihisha kwa kuangalia yanakupeleka wapi, hufanyi hesabu tena, unapika. Karatasi inasema 170, basi ni 170.

Hatua ya pili ndiyo iliyofichua mengi. Badala ya kuangalia pesa, aliangalia idadi ya kila bidhaa. Hesabu ni ileile ya mwanzo jumlisha manunuzi toa mwisho, ila safari hii kwa katoni, mifuko na madumu. Kwenye jedwali la kompyuta inatosha kuweka safu ya mwanzo B, ya manunuzi C na ya mwisho D, kisha kuandika:

```
=B2+C2-D2
=IF(E2<0,"ANGALIA","")
```

Mstari wa kwanza unakaa safu E na kukupa idadi iliyoondoka. Wa pili unapiga kelele idadi hiyo ikiwa chini ya sifuri, kwa sababu hakuna duka linaloweza kubakiwa na mzigo mwingi kuliko liliokuwa nao. Neno ANGALIA likatokea mara mbili: kwenye sabuni na kwenye sukari.

Sabuni ya mche ilianza na katoni 3, zikanunuliwa 2, na mwisho wa mwezi karatasi ikasema 36. Katoni tano zimezaaje 36? Kuzidisha upya hakukusaidia, maana mstari wenyewe ulikuwa safi: 36 kwa 56,000 ni 2,016,000, na ndivyo ilivyoandikwa. Binti akapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hesabu zimetoka?”

“Bado kidogo. Hii thelathini na sita ya sabuni, ni katoni au ni miche?”

“Katoni thelathini na sita niziweke wapi, kitandani? Ni miche hiyo, iko pale kwenye shelfu.”

Kijana alihesabu miche iliyofunguliwa shelfuni, na kwenye safu ya bei akanakili bei ya katoni kutoka kwenye karatasi ya mwezi uliopita. Katoni moja ina miche 20, hivyo mche mmoja umenunuliwa kwa shilingi 2,800. Miche 36 ina thamani ya 100,800, na ile 2,016,000 ilikuwa imezidi kwa shilingi 1,915,200. Kosa la mstari mmoja, lisilo na tarakimu hata moja iliyosomwa vibaya, lilikuwa limekula karibu theluthi ya stoku nzima ya mwisho. Baada ya kulitoa, stoku ya mwisho ikawa 4,450,000, faida ghafi ikashuka hadi 2,770,000, asilimia 28.9.

Katika makosa yote ya karatasi za stoku, hili la kipimo ndilo ninaloliogopa zaidi. Tarakimu iliyosomwa vibaya huacha alama, kwa kuwa mstari haujumuiki. Kipimo kilichokosewa hakiachi alama yoyote kwenye mstari wake. Kinanaswa tu ukiulinganisha na mwezi uliopita, au ukiwa na mtu anayejua kwamba katoni 36 hazienei humo ndani. Bidhaa zinazoingia kwa jumla na kutoka kwa rejareja ndizo za kuchunga: mafuta yanayoingia kwa dumu na kutoka kwa kibaba, sukari inayoingia kwa mfuko na kutoka kwa robo kilo, viberiti, biskuti, soda.

Asilimia 28.9 bado haiwezekani, na sukari bado ilikuwa inapiga kelele. Ilianza mifuko 4, daftari la manunuzi likaonyesha 6, na mwisho wa mwezi ikahesabiwa mifuko 13. Hapa hapakuwa na utata wa kipimo. Kila mfuko ni wa kilo 50, shilingi 130,000. Mifuko 13 ilikuwepo kweli. Isiyokuwepo ni karatasi ya mifuko kumi. Msambazaji alishusha mzigo tarehe 30 Machi na kuacha hati ya kupokelea, akasema ankara itakuja akija kuchukua pesa. Ankara ilikuja tarehe 3 Aprili, na kijana akaiandika kwenye manunuzi ya Aprili, kwa tarehe aliyoishika mkononi.

Hivyo mzigo ulihesabiwa Machi, gharama yake ikaandikwa Aprili. Ni sawa na kusema duka lilipewa mifuko kumi bure. Shilingi 1,300,000 ziliingia kwenye faida ya Machi bila kufanyiwa kazi. Sheria ya kutumia ni moja na haina ugumu: mzigo uliohesabiwa kwenye stoku lazima uwe kwenye manunuzi ya kipindi hichohicho, umelipiwa au hujalipiwa. Deni la msambazaji ni deni, halikuzuii kuandika ununuzi. Na kinyume chake ni kweli pia. Ukiwa umelipia mzigo ambao bado uko njiani na hujauhesabu, usiutie kwenye manunuzi ya mwezi ukauacha nje ya stoku, la sivyo faida itaporomoka bila sababu. Kwa hiyo siku tatu kabla na siku tatu baada ya mwisho wa mwezi hukaguliwa ankara moja moja, pamoja na hati za kupokelea mzigo. Sehemu nyingine ya mwezi inaweza kupitiwa kwa haraka.

Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha kitabu cha hesabu mjini Venisi mwaka 1494, alimtaka mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha kila alicho nacho, na orodha nzima iwe ya siku moja. Miaka zaidi ya 500 baadaye, sukari ya tarehe 30 bado inatukumbusha sababu yake.

Baada ya sukari kuwekwa mahali pake, manunuzi yakawa 7,720,000 na faida ghafi 1,470,000, asilimia 15.3. Sasa tuko kwenye eneo la kuaminika, na hapa ndipo wengi hufunga daftari. Binti alibakiza maswali mawili ambayo hayako kwenye picha yoyote, na majibu yake hupatikana kwa kuuliza tu.

La kwanza ni nauli ya mzigo. Mama alilipa shilingi 180,000 kwa kirikuu na wapakuzi kuleta bidhaa dukani, na pesa hiyo ilikuwa imeandikwa pamoja na umeme na pango. Gharama ya kuufikisha mzigo dukani ni sehemu ya gharama ya mzigo. Sukari ya 130,000 iliyoko kwa msambazaji haiuziki kwako mpaka ifike. Ikiongezwa, faida ghafi inakuwa 1,290,000. Kwa ukali wa kanuni, sehemu ya nauli hiyo ni ya mzigo ambao bado haujauzwa na ingepaswa kubaki kwenye stoku ya mwisho. Kwa duka dogo ambalo mzigo unazunguka haraka, kuiweka yote kwenye mwezi wake kunakubalika, ili mradi ufanye hivyohivyo kila mwezi. Ukibadilisha mtindo katikati ya mwaka, miezi haitalinganishika.

La pili ni vya nyumbani. Mama anachukua unga, mafuta na sabuni za nyumbani kwake hapohapo dukani, kama ilivyo kawaida. Kijana anaviandika pembeni, na Machi vilifika shilingi 95,000 kwa bei ya kununulia. Vitu hivyo viliondoka dukani lakini havikuuzwa, na tusipovitoa vitahesabika kama gharama ya mauzo. Tukivitoa, manunuzi ya kufanyia hesabu ni 7,720,000 jumlisha 180,000 toa 95,000, sawa na 7,805,000.

Hesabu ya mwisho ikasimama hivi. Stoku ya mwanzo 4,860,000 na manunuzi 7,805,000 ni 12,665,000. Toa stoku ya mwisho 4,450,000, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 8,215,000. Mauzo 9,600,000 toa 8,215,000, faida ghafi ni 1,385,000, yaani asilimia 14.4. Kwa bidhaa zinazotoa kati ya 10 na 19 kabla ya nauli, hiyo ni namba inayoweza kutetewa. Mama aliyekuwa karibu aambiwe amepata milioni nne na nusu amepata pungufu ya milioni moja na nusu, na bado hajalipa pango.

Inafaa kukaa kidogo na lile kosa la sabuni, tuone lingefanya nini kama lisingegunduliwa. Stoku ya mwisho ya Machi ndiyo stoku ya mwanzo ya Aprili. Machi ingeonyesha faida iliyozidi kwa shilingi 1,915,200, na Aprili, ikianza na mzigo ambao haupo, ingeonyesha faida iliyopungua kwa kiasi hichohicho, pengine hasara kabisa. Kosa kwenye stoku ya mwisho linaingia kwenye faida shilingi kwa shilingi, kisha linajirudi mwezi unaofuata kwa upande wa pili. Kwa hiyo ukiona duka ambalo mwezi mmoja linapaa na unaofuata linazama, na mauzo hayakubadilika, usiharakishe kumshuku kijana wa dukani. Tazama kwanza karatasi ya stoku iliyo katikati ya miezi hiyo miwili. Kosa lililotokea kwenye manunuzi halijirudishi hivyo, isipokuwa lile la tarehe, kama la sukari yetu.

Kuna jambo ambalo kanuni hii haiwezi kukwambia, na mwenye duka ni vizuri alijue. Tunaita gharama ya bidhaa zilizouzwa, lakini tunachokipata hasa ni gharama ya bidhaa zilizoondoka. Kilichouzwa, kilichoibwa, kilichoharibika, kilichomwagika na kilichokopeshwa bila kuandikwa vyote vimo humo, vimevaa sare moja. Ndiyo maana binti alichagua bidhaa moja inayotoka sana akaifuatilia kwa idadi. Mafuta ya kula yalianza madumu 9, yakanunuliwa 12, yakabaki 6. Yameondoka 15, na kwa lita 20 kila dumu ni lita 300. Daftari la mauzo lilionyesha lita 278, na lita 6 ziliandikwa kwenye vya nyumbani. Lita 16 hazina maelezo. Kwa shilingi 4,200 lita, ni 67,200.

Lita 16 si ushahidi wa wizi. Kibaba kinachojazwa mpaka kumwagika kinaweza kumaliza lita nyingi kwa mwezi, na mtoto aliyetumwa mafuta ya mkopo huenda hakuandikwa. Zikijirudia kila mwezi, kipime kibaba chenyewe kwanza: jaza mara kumi kwenye chombo chenye alama za lita uone kinatoa kiasi gani. Kikiwa sawa, ndipo mazungumzo na kijana yana msingi.

Bei nazo huleta utata zikibadilika katikati ya mwezi. Kama sukari ya mwanzo ilinunuliwa 126,000 na ya mwisho 130,000, iliyobaki ihesabiwe kwa ipi? Kanuni ya kimataifa ya stoku, IAS 2, inaruhusu njia mbili kwa bidhaa zinazofanana namna hii: kudhani kwamba kilichoingia kwanza kimetoka kwanza, hivyo kilichobaki kina bei mpya, au kutumia wastani. Hairuhusu kudhani kwamba cha mwisho kuingia ndicho kilichotoka kwanza. Isichoruhusu kabisa, na ambacho nakiona kwenye karatasi nyingi, ni kuandika stoku kwa bei ya kuuzia. Hapo unajilipa faida ya bidhaa ambayo bado iko shelfuni. Na unga uliopata wadudu usiuandike kwa bei uliyonunulia kama hautauzika kwa bei hiyo. Uandike kwa kile utakachokipata ukiuuza.

Aliyesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani aangalie jambo moja zaidi. Kodi anayoidai kurudishiwa kwenye manunuzi si gharama yake, na anayoikusanya kwenye mauzo si mapato yake. Mauzo, manunuzi na stoku vyote viandikwe bila kodi hiyo. Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, ambacho ni asilimia 18, kuchanganya manunuzi yenye kodi na mauzo yasiyo na kodi kunatosha kulimaliza pato lote la duka kama hili kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye picha zenyewe, kwa kuwa taabu nyingi zingeisha hapo. Karatasi ilazwe mezani penye mwanga wa dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, pembe zote nne zionekane. Pembe zikionekana, msomaji anajua hakuna mstari uliokatwa chini. Kila ukurasa uwe na tarehe na namba, kwa mfano “1 kati ya 2”. Bila namba hiyo, picha moja ikitumwa mara mbili na nyingine isitumwe kabisa, idadi ya picha itakuwa sawa na hakuna atakayeshtuka. Ukituma WhatsApp, itume kama faili badala ya picha ya kawaida, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi na wino hafifu ndio wa kwanza kupotea. Na karatasi yenyewe isitupwe.

Anayenakili naye ana miiko yake. Aandike kilichopo kwenye picha kwanza, hata kama anaona kimekosewa, kisha aweke sahihisho kwenye safu ya pembeni na sababu yake. Akiirekebisha namba kimyakimya, mwezi ujao hakuna atakayejua kwa nini kompyuta inasema 100,800 na karatasi inasema 2,016,000. Tarakimu isiyosomeka asiibahatishe. Kama siku zimepita na mzigo umeshasogea, inawezekana kurudi nyuma: hesabu kilichopo leo, ongeza kilichouzwa tangu tarehe ile, toa kilichoingia.

Ndugu msomaji mwenye duka, jioni ya kuhesabu mzigo ikifika, ongeza safu moja kwenye karatasi yako kati ya idadi na bei. Iandike “kipimo”, na kila mstari ujaze neno zima: katoni, mche, mfuko, kilo, dumu, lita. Na ankara ya mzigo ulioshushwa wiki hiyo, hata kama haijafika, iulizie siku hiyohiyo.